Mafunzo kwa vitendo katikati ya muhula: dhana potofu kuhusu saa zako na malengo yako

Barua za wanafunzi wa mwaka wa pili wanaoomba nafasi fupi ya mafunzo katika ofisi yetu ya uhasibu hupitia mezani kwangu. Aya mbili ndizo huamua mengi: ile inayosema mwombaji atapatikana lini, na ile inayosema anataka kujifunza nini. Ndizo pia zinazoandikwa kwa kufuata mambo ambayo wanafunzi wamesikia tu kwa wenzao.

Dhana: Ukitaja vipindi vyako utanyimwa nafasi, kwa hiyo sema upo wakati wote.

Kila mtu ofisini anajua kuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili ana vipindi. Anachohitaji kujua msimamizi ni siku zipi akupangie kazi, nani akae nawe, na meza ipi itakuwa wazi. Mwanafunzi aliyeahidi siku tano, kisha wiki ya pili akaanza kuomba ruhusa ya kwenda semina, huacha kazi nusu. Anayeipokea inabidi aianze upya, kwa sababu hajui ankara zipi zimeshakaguliwa na zipi bado. Saa chache zinazotimizwa zinapangika, ila saa nyingi zisizo na hakika hazimsaidii mtu.

Dhana: Ukiambatisha ratiba ya chuo, wataona wenyewe ulipo na nafasi.

Ratiba inaonyesha ulivyobanwa, lakini haionyeshi unavyoweza kufanya kazi. Nafasi ya saa mbili kati ya kipindi na kipindi inaonekana kama muda huru, ilhali ukitoa safari ya kwenda na kurudi hubaki dakika chache za kufungua faili na kulifunga. Hesabu hiyo ifanye wewe, usimwachie msimamizi.

Tuchukue mwanafunzi mmoja wa uhasibu. Jumatatu ana vipindi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, na kikundi chake cha kazi za darasani hukutana alasiri. Jumanne ana kipindi saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, kisha semina saa 9. Alhamisi yuko darasani kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ijumaa ana kipindi kimoja tu, saa 8 mchana, na Jumatano hana kitu.

Akihesabu kila nafasi iliyo wazi atapata saa nyingi kwenye karatasi. Zinazofaa kazini ni vipande viwili. Jumatano nzima, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, ni saa 7 ukiondoa saa moja ya chakula. Ijumaa saa 2 hadi saa 6 ni saa 4, na hapo zinabaki saa mbili za kula na kuwahi kipindi. Jumla ni saa 11 kwa wiki.

Anaomba wiki 8, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Februari hadi Ijumaa tarehe 28 Machi. Wiki ya tarehe 10 Machi ana majaribio ya katikati ya muhula, kwa hiyo anaitoa mapema na kuitaja. Zinabaki wiki 7, yaani saa 77, sawa na siku 11 kamili za saa 7. Sasa yeye na ofisi wanajua kwa uhakika wanazungumzia muda kiasi gani.

Tahadhari moja: ratiba za vyuo hubadilika mwanzoni mwa muhula, darasa likihamishwa au semina ikigawanywa. Subiri itulie ndipo uandike saa zako, na utaje kipande kimoja cha akiba, kama Jumatatu alasiri ikiwa kikundi kitakubali kukutana siku nyingine.

Dhana: Malengo ni pambo la barua, "kupata uzoefu" inatosha.

Sentensi hiyo haimwambii msimamizi akupe kazi gani, kwa hiyo atakupa iliyo karibu: kutoa nakala, kupanga majalada, kupeleka barua. Wanafunzi hulalamika kuwa walikaa wiki nzima bila kufundishwa, na wana haki ya kuumia, lakini mara nyingi ofisi haikuambiwa walitaka nini.

Lengo zuri lina mambo matatu: kitu ulichokwisha kukisoma darasani, kazi inayofanyika kweli katika ofisi hiyo, na kiasi kinachoingia katika saa zako. Mwanafunzi wetu amesoma namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Darasani alipewa swali lenye tofauti nne zilizopangwa vizuri. Ofisini tofauti huja bila mpangilio: hundi iliyotolewa ambayo mlipwaji hajaipeleka benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini, fedha ya mteja iliyoingia bila jina linaloeleweka. Kuitafuta kila moja hadi chanzo chake ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tazama tarehe alizochagua. Ofisi nyingi hufanya ulinganisho huu mwezi unapokwisha, taarifa ya benki ikishapatikana. Akianza tarehe 3 Februari atakuta hesabu za Januari zinafungwa, na Jumatano tarehe 5 anaweza kukaa kando akatazama. Jumatano tarehe 5 Machi, hesabu za Februari zikifungwa, anaweza kujaribu mwenyewe akaunti moja ndogo huku msimamizi akikagua. Angeomba wiki mbili za katikati ya mwezi, pengine asingeiona kazi hiyo kabisa. Kila fani ina mzunguko wake wa namna hii, na mwalimu wako au mwanafunzi aliyekutangulia anaweza kukuambia ukoje.

Dhana: Malengo mengi yanaonyesha bidii.

Saa 77 hazibebi malengo manane. Mawili yanatosha. Tena kuna yasiyofaa kuombwa: mishahara ya wafanyakazi ni siri, na ruhusa ya kuingiza malipo katika mfumo hapewi mtu wa kupita. Ukiyaandika, msimamizi ataona hujui mipaka ya kazi.

Dhana: Barua ya utambulisho ya chuo inasema yote.

Inathibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi wao, basi. Saa na malengo yako yataje mwenyewe. Kabla ya kuandika, hakikisha pia kuwa idara yako inaruhusu mafunzo wakati wa muhula.

Aya mbili za mwanafunzi wetu zinaweza kusomeka hivi:

"Naweza kufika kila Jumatano saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, na kila Ijumaa saa 2 hadi saa 6 mchana, kuanzia tarehe 3 Februari hadi 28 Machi. Wiki ya tarehe 10 Machi sitakuwepo kwa sababu ya majaribio ya chuo. Ikihitajika, naweza kuongeza Jumatatu alasiri nikiarifiwa wiki moja kabla.

Nimesoma misingi ya uhasibu wa fedha. Ningependa kutazama ulinganisho wa benki wa Januari, kisha kujaribu wa Februari kwa akaunti moja chini ya usimamizi. Ningependa pia kujifunza jinsi ankara ya msambazaji inavyokaguliwa tangu inapopokelewa hadi inapoidhinishwa kulipwa. Niko tayari kusaidia kupanga na kuhakiki hati za malipo."

Sentensi ya mwisho isiachwe. Inaonyesha kuwa mwombaji anajua ofisi nayo inatoa muda wake, na inampa msimamizi kazi ya kumkabidhi asubuhi ya kwanza.