Tatu mara nne ni kumi na mbili, na taa yako bado itaungua

Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga hupumzisha nyavu, na meza yangu hapa Kigoma hujaa taa. Karabai zimebaki chache, sasa ni LED na betri ya volti 12. Nyingi ya taa hizo zimeungwa na fundi mwenzangu au na mvuvi mwenyewe, na zinakuja na maelezo yaleyale: "Fundi, nimenunua LED mbovu." Nikifungua, nakuta LED nyeupe nne kwa mfululizo, moja kwa moja kwenye betri, bila rezista hata moja. Nikiuliza rezista iko wapi, nahesabiwa kama mtoto wa darasa la pili: LED moja ni volti 3, tatu mara nne ni kumi na mbili, betri ni kumi na mbili, sasa rezista ya kazi gani?

Hii ndiyo dhana niliyochoka nayo, kwa sababu hesabu yake ni sahihi, ila namba mbili zilizoingizwa ndani yake si za kweli.

Tuanze na betri. Betri ya asidi ya "volti 12" ikiwa imejaa na imetulia husoma kama 12.7. Ikikaribia kuisha husoma 11.8 hivi. Ikiwa kwenye chaja au sola wakati wa jua, hupanda hadi 14.4. Na taa huwashwa nyakati zote hizo, kwa sababu mvuvi huijaribu palepale betri inapochajiwa, na nyumbani mtoto huwasha saa kumi jioni paneli bado inasukuma.

Namba ya pili ni ile 3. Volti ya kuwakia ya LED, ile inayoandikwa Vf, hupimwa kwa mkondo fulani. Kwa LED nyeupe ndogo ya milimita 5 mkondo huo huwa miliampea 20, na kwa mkondo huo moja inaweza kuonyesha 3.0 na nyingine kutoka pakiti hiyohiyo ikaonyesha 3.3. LED haina tabia ya balbu ya nyuzi, ambayo volti zikizidi kidogo nayo inazidi kung'aa kidogo. Chini ya volti yake LED karibu haipitishi kitu. Ikishaivuka, nyongeza ndogo sana ya volti inaachia mkondo mkubwa. Kwa LED nyeupe ya kawaida, nyongeza ya volti 0.2 tu inaweza kuufanya mkondo uwe mara mbili au zaidi. Betri ikifika 14.4, kila LED katika zile nne inapewa 3.6. Hapo hakuna kinachouzuia mkondo isipokuwa waya na LED yenyewe.

Kisha inapata moto, na LED ikipata moto Vf yake inashuka, kwa hiyo volti zilezile zinapitisha mkondo mkubwa zaidi, nao unaongeza moto. Taa haifi siku hiyohiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mwanga wake unageuka kidogokidogo kuwa wa bluu, na ukiitazama kwa karibu ikiwa imezimwa unaona ile rangi ya njano ya ndani imekuwa kahawia, au kuna doa jeusi katikati. Mojawapo ikikatika, mstari wote unazimika. Ukiona dalili hizo, usimlaumu mwenye duka kabla hujaitafuta rezista.

Anayebisha namwomba aniletee kipande cha ule mkanda wa LED wa volti 12 wanaofunga kwenye bajaji. Alama za kukatia ziko baada ya kila LED tatu, na katika kila kipande cha mkanda wa kawaida wa rangi nyeupe kuna kirezista kimoja, mara nyingi kimeandikwa 151, yaani omu 150. Kiwanda kinachopunguza gharama hadi senti ya mwisho kimeweka LED tatu na rezista. Kama nne bila rezista zingedumu, wasingetoa rezista bure.

Basi tuhesabu taa hiyohiyo ipasavyo. Kanuni yenyewe ni fupi:

```
R = (V − n × Vf) / I
```

V ni volti za chanzo, n ni idadi ya LED katika mstari, I ni mkondo unaoutaka kwa ampea. Chukua LED tatu za 3.1, jumla 9.3. V usiweke 12, weka volti ya juu kabisa ambayo taa itakutana nayo, yaani 14.4. Zinabaki volti 5.1 za rezista. Gawa kwa 0.02, unapata omu 255. Dukani hakuna 255, kwa hiyo panda hadi 270, usishuke. Kwa 14.4 mkondo utakuwa miliampea 19 hivi, kwa 12.7 utakuwa 12 au 13, na betri ikiwa imechoka kwa 11.8 utakuwa 9. Kwa kweli utazidi kidogo pale chini, kwa sababu Vf nayo hupungua mkondo ukipungua, lakini kwa kazi ya meza hesabu hii inatosha. Joto la rezista ni volti zake mara mkondo wake: 5.1 mara 0.019, karibu wati 0.1. Ile ndogo ya robo wati inatosha kabisa.

Mwingine hukubali yaishe, kisha anataka zibaki nne lakini na rezista. Haisaidii. Nne ni 12.4, na kwa 14.4 zinabaki volti 2, kwa hiyo rezista ni omu 100. Betri ikishuka hadi 12.7 rezista imebakiwa na volti 0.3, sawa na miliampea 3. Ikifika 12, taa inabaki kumulika uso wake yenyewe. Rezista inaweza kutuliza mkondo ikiwa tu imeachiwa volti za kutosha. Mimi huacha angalau robo ya volti za betri, na kwa betri ya 12 maana yake ni LED nyeupe tatu, basi. Nyekundu, ambazo Vf yake ni kama 2, zinaweza kuwa nne.

Kuhakiki hakuhitaji kukata waya. Weka mita kwenye volti, pima kati ya miguu miwili ya rezista, gawa kwa omu zake. Ukisoma 3.4 kwenye rezista ya 270, mkondo ni miliampea 12.6. Fundi asiyefanya kipimo hiki kabla ya kufunga mfuniko anabahatisha.

"Mbona tochi za Kichina hazina rezista na zinawaka?" Zile za betri ndogo za vidonge zinawaka kwa sababu betri yenyewe ni dhaifu, ina ukinzani mkubwa ndani yake unaofanya kazi ya rezista. Betri ya gari au ya sola haina udhaifu huo.

Sasa, rezista nayo ina mwisho wake, na mwisho huo ni taa ya kuvulia yenyewe. Huko hatuzungumzii LED za miliampea 20, bali za wati 1, zinazotaka miliampea 350 kwa Vf ya 3.2 hivi. Tatu ni 9.6. Kwa 14.4 zinabaki 4.8, gawa kwa 0.35 unapata 13.7, unachukua omu 15. Rezista hiyo inaweza kula hadi wati 1.5, kwa hiyo inataka ile nyeupe ya saruji ya wati 5, na itakuwa ya moto. Hilo tungelivumilia. Tatizo ni kwamba jioni kwa 12.7 taa inapata miliampea 207, na alfajiri kwa 11.8 inapata 147. Mvuvi anataka mwanga usiopungua dagaa wakiwa wamekusanyika, naye anapewa taa inayofifia usiku kucha. Akitafuta mwanga zaidi kwa kushusha rezista hadi omu 10, siku ikiwashwa kwenye chaji LED zinapokea miliampea 480.

Hapa ndipo dreva ya mkondo thabiti inapolipa gharama yake. Hii haishiki volti, inashika ampea: betri iwe 12 au 14.4, LED zinapata mkondo uleule. Dreva ndogo zenye chipu ya PT4115 zinapokea volti 6 hadi 30, na mkondo unawekwa na rezista moja ndogo: 0.1 gawa kwa omu zake. Rezista ya omu 0.3 inatoa miliampea 333. LED tatu za wati 1 zinakaa humo vizuri, mradi zimefungwa kwenye bati la alumini la kupoza. Unganisha LED kwanza, kisha ndipo uwashe betri, usifanye kinyume.

Msiniletee chipu ya LM317 kwa kazi hii. Kama kidhibiti mkondo ni nzuri, lakini inataka karibu volti 3 za kwake. Kwa LED za 9.6 itahitaji chanzo cha 12.6, na betri inashuka chini ya hapo mapema tu usiku. Wala usinunue moduli yenye skrubu moja ya kurekebisha volti ukaiweka kwenye 9.6. Hilo ni kosa lilelile la tatu mara nne, ila sasa umelilipia.

Lakini taa ndogo ya kuonyesha kwamba chaja imewaka haihitaji dreva. Rezista ya omu 1,000 kwenye volti 12 inatosha.

Dhana nyingine nazimaliza haraka. Kwamba LED kumi sambamba zinatosheka na rezista moja: hapana, yenye Vf ndogo itameza mkondo wa wenzake, itaungua, kisha inafuata nyingine. Kila mstari na rezista yake. Kwamba betri ya ampea 100 italipua taa ambayo ya ampea 7 haikuilipua: kwa volti zilezile na rezista ileile, mkondo ni uleule, betri kubwa inachelewa kuisha tu. Na kwamba rezista lazima ikae upande wa chanya: katika mfululizo mkondo ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo iweke chanya au hasi, popote mkono wako unapofika kwa urahisi.