Je, wajua? Si kila moyo unaokwenda mbio ni wa wasiwasi

"Moyo unanienda mbio bila sababu, mikono inatetemeka, usiku silali. Hospitali wameniambia ni wasiwasi tu. Kuna ugonjwa mwingine unaoweza kuleta hali hiihii, na ningepimwa nini ili ujulikane?"

Upo, tena si mmoja. Ninaoufikiria kwanza nikisikia dalili hizo tatu pamoja ni tezi ya thairoidi kufanya kazi kupita kiasi. Baada yake huja upungufu wa damu, kisha sukari kushuka. Yote mitatu huonekana kwa vipimo vya damu vya kawaida, ila daktari lazima awe ameifikiria kabla ya kukamata kalamu ya kuandika dawa ya usingizi.

Sababu ya kufanana kwao ni adrenalini. Mtu akishtuka, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni hiyo kwenye damu. Moyo huongeza kasi, jasho hutoka, vidole hutetemeka. Sukari ikishuka sana, mwili humwaga adrenalini hiyohiyo ili ini litoe sukari liliyoiweka akiba. Damu ikipungua, moyo hulazimika kupiga haraka ili chembe nyekundu chache zilizobaki zizunguke mara nyingi zaidi na kufikisha oksijeni. Thairoidi ikizidi, adrenalini haihitaji hata kuongezeka: homoni za tezi hiyo huufanya moyo uiitikie kwa nguvu ile adrenalini ya kila siku. Katika hali zote hizo mgonjwa huhisi hofu ya kweli, kwa kuwa ubongo unasikia kifua kinavyodunda na kuamini kuna hatari.

Nianze na tezi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayodanganya kwa ustadi zaidi. Imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, ikiwa na umbo la kipepeo. Hutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, pituitari, inayoiamrisha kwa homoni iitwayo TSH. Thairoidi ikizalisha kidogo, TSH hupanda ili kuisukuma. Ikizalisha kupita kiasi, pituitari huacha kuamrisha na TSH hushuka karibu na sifuri. Ndiyo maana TSH ikiwa chini, tezi huwa inakimbia. Wengi husoma majibu yao kinyume, wakaona namba ndogo na kudhani tezi imelegea.

Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 31 anayeishi Njombe. Kwa miezi minne amekuwa na hasira za haraka, machozi ya karibu, na moyo unaomwamsha saa nane za usiku. Kazini kuna ukaguzi, nyumbani kuna mgonjwa, kwa hiyo kila aliyemsikiliza alimwambia apunguze mawazo. Lakini maswali machache yanafungua jambo jingine. Uzito wake umetoka kilo 64 hadi 57, ingawa anakula kuliko zamani. Mwezi wa saba, wenzake wakiwa wamejifunika makoti, yeye anafungua madirisha. Choo kimekuwa laini na cha mara kwa mara, na hedhi imekuwa chache.

Daktari anampa mkono kabla ya kipimo chochote. Kiganja chake ni cha moto na chenye unyevunyevu. Mtu mwenye wasiwasi naye hutoka jasho mikononi, lakini kwa kawaida mikono yake huwa ya baridi. Kisha anamwambia anyooshe mikono mbele na kumwekea karatasi juu ya vidole: ukingo wa karatasi unatetemeka kwa haraka, mtetemo mdogo ambao jicho peke yake lingeukosa. Mapigo ni 112 kwa dakika akiwa ameketi. Hayo bado hayatoshi, kwani hata hofu ya daktari hupandisha mapigo. Anamwomba mumewe amhesabie akiwa usingizini, dakika nzima. Yanapatikana 98. Mtu mwenye wasiwasi akishalala, moyo wake hutulia kama wa watu wengine. Moyo unaosukumwa na thairoidi hukimbia hata usingizini. Kwa maoni yangu hiki ni kipimo bora kisicho na gharama yoyote, na nasikitika kwamba hakiombwi mara nyingi.

Damu inathibitisha. TSH yake iko chini ya 0.01, wakati kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0 hivi, kutegemea maabara. T4 huru, inayoandikwa FT4 kwenye karatasi ya majibu, ni 52 pale ambapo maabara hiyo inataka 12 hadi 22. Hapo jina la tatizo limepatikana, lakini si chanzo chake. Kinachofuata ni kutafuta kingamwili ziitwazo TRAb, zinazoishika thairoidi na kuichochea bila amri ya pituitari. Zikiwepo, ni ugonjwa wa Grevzi, uliopewa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na baadhi yao macho hutokeza. Kama shingo ina uvimbe wenye vinundu, kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti huonyesha vilivyo. Chanzo kina maana kubwa kwa mama aliyejifungua miezi michache iliyopita: tezi yake inaweza kuwa imevimba na kuvuja homoni zilizokwisha kutengenezwa. Hali hiyo hupita yenyewe, na dawa ya kuzuia utengenezaji haimsaidii.

Majibu ya thairoidi yana mitego miwili ambayo mgonjwa anaweza kuizuia yeye mwenyewe. Vidonge vya kukuza nywele na kucha huwa na bayotini nyingi, na bayotini huvuruga mashine za maabara nyingi kiasi cha kumwonyesha mtu mzima kabisa kuwa ana TSH ndogo na T4 kubwa. Taja vidonge hivyo na uviache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Mtego wa pili ni mimba changa, ambayo hushusha TSH kwa njia ya kawaida ya mwili. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito aseme hivyo kabla hajapimwa.

Kuna mtego wa tatu, huu ni wetu sisi tunaotibu. Propranololi hutolewa sana kwa moyo unaokwenda mbio, na mgonjwa hupata nafuu, basi kila mtu huridhika kwamba ulikuwa wasiwasi. Dawa hiyo huzuia adrenalini kwenye moyo, kwa hiyo hutuliza moyo wa mwenye hofu na wa mwenye thairoidi sawia. Nafuu yake haithibitishi lolote. Kwa mwenye pumu ni dawa ya hatari, hivyo si ya kuazimana na jirani.

Upungufu wa damu una sura tofauti ukiuangalia kwa makini. Mwenye upungufu huu moyo humwenda mbio hasa akipanda ngazi au kilima, na pumzi humwishia pale alipozoea kupita bila shida. Akikaa, hutulia. Ukimuuliza atakwambia hedhi yake ni nzito, au amezaa watoto kwa kufuatana, na wapo wanaokiri kwa aibu kuwa wanatamani udongo. Pwani na maeneo yenye joto na unyevu hatusahau safura, minyoo inayong'ata utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kwa miezi. Kipimo cha kwanza ni wingi wa damu: hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 11 kwa mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, ni upungufu.

Lakini namba hiyo peke yake haisemi damu imekwenda wapi. Picha kamili ya damu huonyesha ukubwa wa chembe nyekundu; zikiwa ndogo na zilizopauka, mara nyingi madini ya chuma yamekwisha, ingawa baadhi ya magonjwa ya damu ya kurithi huleta sura hiyohiyo. Feritini hupima akiba ya chuma, na ikiwa chini ya 15 akiba imekauka. Tatizo la feritini ni kwamba hupanda mwilini mwenye maambukizi au uvimbe, hivyo majibu mazuri yaliyotolewa wakati wa homa yanaweza kuficha njaa ya chuma. Na kama ni mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, vidonge vya chuma havitoshi: lazima itafutwe damu inapovujia, tumbo likiwa la kwanza kuchunguzwa.

Sukari kushuka ndiyo hutajwa sana na watu, na ndiyo huwa kweli mara chache zaidi kwa asiye na kisukari. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi yuko hatarini kweli, hasa akiruka mlo: sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L achukue hatua, chini ya 3.0 ni hatari. Kwa asiyetumia dawa hizo, madaktari hutaka mambo matatu yakutane: dalili ziwepo, sukari ipimwe wakati huohuo na iwe ndogo, na dalili ziondoke sukari ikipanda. Kutetemeka saa tano asubuhi na kupona baada ya soda hakutoshi, kwa sababu hata mapumziko ya kukaa na kunywa kitu hutuliza hofu. Anayepima baada ya kunywa soda ameshafuta ushahidi. Kama una mashine ya sukari, choma kidole kwanza, andika namba na saa, ndipo unywe. Lakini kama mtu amechanganyikiwa au anasinzia na mashine haipo karibu, mpe sukari upesi akiwa bado anaweza kumeza, ushahidi utasubiri.

Moyo ukianza mbio ghafla kama umewashwa, ukafika 150 au zaidi ukiwa umekaa tu, kisha ukakoma ghafla vilevile, hapo tatizo linaweza kuwa kwenye umeme wa moyo wenyewe. Kipimo chake ni ECG, kinachochora umeme huo, na huwa na maana zaidi kikifanyika moyo ukiwa bado unakimbia. Kikichukuliwa baada ya kutulia mara nyingi hutoka safi.

Mwalimu wetu alianzishiwa karbimazoli, dawa ya kuzuia thairoidi isitengeneze homoni, na aliambiwa jambo moja kwa mkazo: akipata homa au koo kuuma, aache dawa na kupimwa chembe nyeupe siku hiyohiyo, kwa kuwa mara chache sana dawa hii huzimaliza. T4 yake itachukua wiki kadhaa kurudi kawaida, na TSH inaweza kubaki chini kwa miezi hata yeye akiwa amepona, hivyo asishtuke akiiona bado ndogo. T4 ikisharudi, uzito ukarejea na karatasi haitetemeki tena juu ya vidole, lakini hofu bado ipo, basi alikuwa na magonjwa mawili tangu mwanzo, na wasiwasi nao utatibiwa kama ugonjwa unaojitegemea.