Je, wajua kwa nini milimita 15 zinatosha kusimamisha umwagaji wa zege?

Wengi huuliza hivi: "Nondo zimekaribia mbao za fomu kidogo tu, na zege lenyewe bado halijamwagwa. Si tuongeze biskuti tumwage? Ripoti ya nini?"

Ripoti ya kosa huandikwa kwa sababu biskuti za nyongeza, yaani vipande vidogo vinavyotenganisha nondo na fomu, zinaweza kuficha kosa bila kuliondoa. Nami nilipoanza kazi niliona karatasi hizo ni usumbufu, kwa kuwa niliamini kava, yaani zege lililo kati ya nondo na uso wa nje, ni kama koti la mvua: likipungua kidogo, ulinzi nao umepungua kidogo.

Kumbe zege hulinda chuma kwa ubesi wake. pH yake ikiwa juu ya 12, uso wa nondo hujifunika utando mwembamba sana unaozuia kutu, hata zege likiwa na unyevu ndani. Adui ni hewa ya ukaa: huingia polepole kupitia vinyweleo, ikiua ubesi huo tabaka kwa tabaka. Ikifika kwenye chuma, utando huondoka. Kutu ikianza huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kwa kusukumwa kutoka ndani.

Sasa fikiria mtu anayechimba kisima peke yake kwa ndoo. Mita ya kwanza huisha upesi. Ya kumi ina udongo uleule, lakini kila ndoo lazima ipande mita zote zilizokwisha kuchimbwa. Hewa ya ukaa nayo lazima ipite tabaka zote ilizokwisha kuziua kabla ya kugusa tabaka jipya. Ndiyo maana kina chake hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: ili kina kiwe mara mbili, muda huwa mara nne. Tuseme katika zege fulani hewa hiyo huingia milimita 5 mwaka wa kwanza. Kufikia milimita 25 itachukua miaka 25. Kufikia 40, miaka 64. Milimita 15 za mwisho ndizo zilizobeba miaka 39.

Hesabu hiyo ni ya makadirio. Nyufa huiharibu, katika zege linalolowa mara kwa mara hewa hiyo huenda polepole zaidi, na karibu na bahari chumvi ina njia yake nyingine.

Boriti iliyonifundisha ilikuwa ya nje. Mchoro ulitaka kava ya milimita 40, upungufu usizidi 10. Mkaguzi alipima chini ya ringi, yaani nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu, si chini ya nondo kuu zenyewe, maana kava huhesabiwa hadi chuma kilicho nje kabisa. Penye biskuti alipata 30. Katikati ya biskuti mbili alipata 25. Akaandika ripoti: namba ya boriti, sehemu zilizopimwa, kilichotakiwa, kilichopatikana, na amri kwamba zege lisimwagwe.

Tulipolazimika kujaza nafasi ya chanzo cha kosa kwenye ripoti ndipo zile 30 zikasema. Biskuti zilikuwa za 40 kamili, lakini zilikaa chini ya nondo kuu. Ringi ya milimita 10 ikaning'inia chini yake na kula tofauti yote. Tena zilipangwa kila mita moja na nusu, kwa hiyo nondo zikabonyea milimita 5 zaidi. Tungeongeza biskuti palepale, mbonyeo ungeisha na boriti yote ingebaki kwenye 30, ukingoni kabisa, na boriti zinazofuata zingefungwa vilevile.

Marekebisho yalikuwa kuinua kizimba, yaani nondo zote za boriti zilizofungwa pamoja, na kuweka biskuti chini ya ringi, umbali usiozidi mita moja. Hapa wengi husahau juu: kizimba kikipanda, kava ya juu hupungua. Yetu ilikuwa 50 hadi 55, ikashuka hadi 40. Kama ringi zingekuwa zimekatwa ndefu mno, ingebidi tuzikunje upya.

Ruhusa ya kumwaga ilitolewa baada ya kupima sehemu zilezile, kila moja ikiwa na picha inayoonyesha namba ya boriti, tarehe, na futi iliyowekwa ili tarakimu zisomeke. Tulipata 38 hadi 41. Lakini ripoti haikufungwa siku hiyo. Boriti zote zilizokwisha kufungwa zilikaguliwa, na mbili zilikuwa na kosa lilelile. Mstari mmoja uliongezwa kwenye fomu ya ukaguzi: biskuti iko chini ya ringi? Mbao zilipobanduliwa, kifaa cha sumaku kinachotafuta nondo ndani ya zege kilipitishwa chini ya boriti na kusoma 37 hadi 40. Karatasi ya vipimo hivyo ikaambatanishwa, na mkaguzi akatia saini ya kufunga.