Gridi ya nguzo: magari chini, vyumba juu

Gridi ya nguzo ni mistari inayokatana kwenye ramani ya jengo, na kila inapokatana inasimama nguzo. Umbali kati ya mistari hupimwa kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine. Jengo likiwa na vyumba peke yake, gridi haimsumbui mtu sana, kwani ukuta unaweza kusogezwa kidogo na mlango ukahamishwa. Taabu huanza pale chini ya jengo panapowekwa maegesho. Nguzo zilezile zinazosimama kati ya vyumba lazima ziteremke zikasimame kati ya magari, na gari halipungui upana kwa sababu msanifu ameomba.

Ndiyo maana naona gridi ya jengo la namna hii ianze kupangwa chini, kwenye magari, kisha ipande juu. Wengi huanza juu.

Tuchukue namba. Nafasi moja ya gari kwa kawaida ina upana wa mita 2.4 hadi 2.5 na urefu wa takriban mita 5. Njia ya magari kupita, pale magari yanapoegeshwa kwa pembe mraba pande zote mbili, huhitaji kama mita 6. Kanuni hutofautiana kidogo kati ya nchi na nchi, kwa hiyo soma za kwako kwanza. Hapa nitatumia 2.5 kwa 5, na njia ya mita 6.

Sasa mtu anachora fleti za ghorofa sita na anachagua gridi ya mita 7. Namba nzuri, rahisi kukumbuka, na vyumba viwili vya mita tatu na nusu vinakaa humo bila shida. Anashuka chini. Nguzo zina upana wa nusu mita, kwa hiyo uwazi uliobaki kati ya nguzo na nguzo ni mita 6.5. Magari mawili yanakula mita 5. Inabaki mita 1.5, nafasi ambayo haitoshi gari la tatu na haina kazi nyingine. Ukilazimisha magari matatu, kila moja litapata chini ya mita 2.2, na dereva atatokea dirishani.

Jengo likiwa na urefu wa mita 56, gridi hiyo ina vipande vinane, na kila kipande magari mawili: magari 16 kwa safu moja, 32 kwa safu mbili. Ongeza umbali hadi mita 7.8, kwa nguzo nyembamba ambazo nitazieleza hivi punde. Sasa unapata vipande saba ndani ya mita 54.6, na kila kipande magari matatu: 21 kwa safu, 42 kwa safu mbili. Njia ya kushukia na lifti zitakula baadhi kwa vyovyote vile, lakini tofauti ya karibu magari kumi inabaki palepale. Magari kumi yanaweza kuwa ndiyo sababu ya mtu kuchimba ghorofa ya pili chini ya ardhi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: idadi ya magari kati ya nguzo mbili, mara upana wa gari moja, jumlisha upana wa nguzo. Magari mawili yanakupa kama mita 5.4, ambayo inafaa fleti ndogo na slabu nyembamba. Magari manne yanapita mita 10, na hapo slabu inakuwa nzito kwenye kila ghorofa ya juu kwa ajili ya kuokoa nguzo chache za chini. Magari matatu ndiyo yanayopendwa zaidi. Kwa slabu bapa isiyo na bimu, makadirio ya mwanzo ni kugawa umbali kwa 30, kwa hiyo karibu mita 8 hukupa unene wa sentimita 26 au 27. Unene huo unabebeka. Tena, nafasi ya magari matatu ya kawaida, mita 7.5, hugeuka kuwa nafasi mbili pana za mita 3.75 kwa watumiaji wa viti vya magurudumu bila kugusa nguzo yoyote.

Kwenye ofisi utakuta zaidi mita 8.1, na haikuja kwa bahati. Magari matatu ni mita 7.5, nguzo ya mraba ni 0.6, jumla 8.1. Juu yake, ofisi nyingi hupangwa kwa kipimo kidogo kinachojirudia cha mita 1.35, ambacho hufuata fremu za madirisha ili ukuta wa kugawa uweze kuishia kwenye fremu yoyote. Sita mara 1.35 ni 8.1 kamili.

Fleti zina fursa ambayo ofisi hazina: ukuta mnene kati ya jirani na jirani. Nguzo ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 itajitokeza chumbani kama boksi kwenye kona, na kila mwenye kabati ataichukia. Ukiinyoosha iwe sentimita 30 kwa 80, eneo lake la zege linabaki karibu lilelile, 2,400 dhidi ya 2,500 za mraba, na sasa inajificha karibu yote ndani ya ukuta huo. Mhandisi wa miundo atathibitisha kama inatosha mzigo wake, lakini kwa ghorofa chache wazo hili hukubalika mara nyingi.

Hapa ndipo penye siri ya mpango mzima. Nguzo bapa ina upande mwembamba na upande mrefu. Chini, upande mrefu ukilala sambamba na gari, unapoteza sentimita 30 tu za upana, ndiyo ile 7.5 jumlisha 0.3 iliyotupa 7.8. Ukilala kukatiza, unapoteza 80, na kwenye gridi ileile uwazi unakuwa mita 7, yaani gari la tatu limekwenda. Kwa hiyo geuza magari yaelekee upande uleule ambao kuta za kutenganisha fleti zinaelekea. Kuta hizo kwa kawaida hutoka kwenye uso wa jengo zikaingia hadi kwenye korido ya katikati. Magari nayo yaelekeze pua zao kwenye uso wa jengo, njia yao ipite katikati, chini ya korido.

Tuitazame fleti moja juu ya kipande kimoja. Mita 7.8 toa ukuta wa jirani, kama sentimita 30, inabaki 7.5. Toa ukuta mmoja wa ndani wa sentimita 15, inabaki 7.35. Hiyo ni sebule ya mita 4.1 na chumba cha kulala cha mita 3.25, vyote vina dirisha. Anayetaka vyumba vitatu huchukua vipande viwili, na nguzo ya kati inajificha kwenye ukuta kati ya vyumba viwili.

Upande wa pili wa gridi, ule wa kuvuka njia ya magari, una uhuru zaidi. Ukuta wa jirani unapita mfululizo, kwa hiyo nguzo inaweza kusogea mbele au nyuma ndani yake bila mwenye fleti kujua. Tumia uhuru huo kwa faida ya dereva. Usiiweke nguzo ukingoni kabisa mwa njia, kwa sababu gari likikata kona litaipangusa. Usiiweke katikati ya nafasi ya gari pia, maana hapo ndipo mlango unapofunguka. Irudishe ndani ili katikati yake iwe kama mita moja kutoka ukingo wa njia. Hapo itakuwa ubavuni mwa gurudumu, mbele ya bawaba za mlango kwa gari lililoingia kinyumenyume. Ukifanya hivyo pande zote mbili, nguzo kwa nguzo kuvuka njia ni mita 8 hivi, na kutoka nguzo hadi ukuta wa kuzuia udongo ni kama mita 4. Jumla ni 16, sawasawa na 5 jumlisha 6 jumlisha 5. Nguzo za uso wa jengo zinakalia ukuta huo wa kuzuia udongo, wala haziingii kwenye maegesho.

Isipowezekana kulinganisha, kuna bimu za kuhamisha mzigo: nguzo ya juu inatua katikati ya bimu nene, nayo bimu inaupeleka mzigo kwenye nguzo za pembeni. Inafanya kazi, lakini angalia inachokula. Bimu ya kubeba nguzo ya ghorofa sita hupita mita moja ya kina kwa urahisi. Gari linahitaji uwazi wa mita 2.1 au 2.2 kwa urefu, na juu yake yapo mabomba na taa. Kila sentimita ya bimu iliyoning'inia hapo inakwenda kuchimbwa chini, pengine kwenye maji ya ardhini. Kwa nguzo mbili tatu karibu na njia ya kushukia, sawa. Kwa jengo zima, rudi kwenye ramani.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni dogo na linakera. Msanifu anachora nguzo za sentimita 30 kwa 30 kila mahali, gridi 7.8, magari matatu, kila kitu kinatimia. Hesabu za mhandisi zinakuja miezi baadaye: nguzo za juu kweli ni 30, lakini za chini zinazobeba ghorofa zote ni 55. Uwazi unashuka kutoka 7.5 hadi 7.25, na kila gari linabaki na mita 2.42. Ongeza plasta na kinga ya chuma kwenye kona, kila nguzo inanenepa sentimita nyingine kadhaa, na sasa uko karibu na 2.4. Pale kanuni inapotaka 2.5, safu nzima inakataliwa. Niliwahi kusimama kwenye maegesho ya namna hiyo: nguzo zote zilikuwa na michirizi ya rangi za magari kwenye kimo cha bampa, na kati ya magari mawili mtu alipita kwa ubavu.

Kwa hiyo ramani ya chini ikifika mezani, usisome umbali ulioandikwa kwenye mistari ya gridi. Pima uwazi kutoka uso hadi uso wa nguzo, kwa vipimo vya nguzo za chini zilizokwisha hesabiwa, plasta ikiwemo. Kisha weka ramani ya fleti juu yake na ufuate kila nguzo moja moja hadi juu, ukiangalia inatokea ukutani au katikati ya jiko. Ukiwa hapo fuata na mabomba ya vyoo pia. Nayo yanashuka, na yakitua katikati ya nafasi ya gari hayana pa kwenda ila kupinda chini ya slabu, juu kidogo ya paa la gari la mtu.