Mhindi, Mwasia, Mtanzania: maneno matatu, si neno moja

Kuna imani imeota mizizi Arusha na Moshi, kuanzia vikao vya harusi hadi hotuba za mgeni rasmi, kwamba "Mhindi" ni neno la mtaani na mtu mwenye adabu husema "Mwasia". Utamsikia msemaji akianza "wale Wahi...", anajikwaa, anakohoa kidogo, kisha anamalizia "ndugu zetu Waasia", kama mtu aliyeruka dimbwi. Dimbwi lenyewe halikuwepo. Lipo jingine mbele yake, na hilo huwa analikanyaga bila kujua.

Maana kwanza, kwa haraka. Mhindi ni mtu ambaye ukoo wake una asili ya Bara Hindi, na pia ni raia wa India. Mwasia, kwa matumizi ya Afrika Mashariki, ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi bila kuangalia mababu zake walitoka upande gani wa mipaka ya leo. Mtanzania ni raia wa Tanzania. Maneno mawili ya mwanzo yanataja asili, la tatu linataja uraia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuyabeba yote matatu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo penye kazi, lakini tuanze na ukoo wa maneno yenyewe.

"Mhindi" ni neno la mto. Mto Sindhu, unaopita katika Pakistan ya leo, Waajemi waliutamka kwa "h" mahali pa "s", na nchi iliyo ng'ambo yake ikaitwa Hind. Waarabu wakachukua Hind, mtu wake wakamwita Hindi, na mabaharia wa pwani yetu wakalipokea neno hilo pamoja na bidhaa. Sisi tukalivika viambishi vyetu: Mhindi, Wahindi, Kihindi, Uhindi, Bahari ya Hindi. Hakuna tusi popote katika safari hiyo.

Hata muhogo wa kuchoma hauna jirani mwenye jina la kushangaza kama hindi la kuchoma. Kamusi zinatoa "mhindi" mara mbili: mmoja ni mtu, wingi wake Wahindi, mwingine ni mmea, wingi wake mihindi, na zao lake mahindi. Nafaka hiyo asili yake ni Amerika, haikuota kwanza India hata kidogo. Ilifika kwetu kwa njia ya bahari, na kitu kilichotoka baharini mashariki kilibandikwa jina la Hindi. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi watu wanavyovipa vitu majina: wanataja upande vilikotokea machoni mwao, na si lazima iwe asili ya kweli. Watu nao hupewa majina hivyohivyo.

Sasa "Mwasia". Wengi hudhani lilizaliwa kwa ajili ya heshima. Lilikuja kwa sababu ya mpaka. Hadi mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilikuwa na neno moja kwa watu wote wa Bara Hindi, maana Bara Hindi lote lililokuwa chini ya Waingereza liliitwa India. Agosti 1947 nchi ikakatwa vipande viwili, India na Pakistan, na mpaka ukapita katikati ya Punjabi: Lahore ikabaki Pakistan, Amritsar ikabaki India. Fikiria sasa fundi seremala aliyekuwa Moshi tangu ujana, mwenye wazazi waliozaliwa karibu na Lahore. Jumatatu ni Mhindi bila ubishi. Wiki hiyohiyo kijiji cha wazazi wake kimekuwa nchi nyingine. Yeye hajahama hata mtaa, lakini neno limemhama. Makarani walihitaji jina litakalowabeba wa pande zote mbili, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kikakimbilia jina la bara zima. Sisi tukalitafsiri: Mwasia.

Tena kulikuwa na Wagoa, waliohesabiwa peke yao katika sensa za Tanganyika, kwa kuwa Goa ilikuwa chini ya Mreno. India iliichukua Goa tarehe 19 Desemba 1961, siku kumi tu baada ya uhuru wetu. Kwa hiyo mtu akisoma jedwali la sensa la zamani na kuona "Wahindi" wamepungua au kuongezeka ghafla, aangalie kwanza kichwa cha safu kabla ya kutafuta maelezo ya uhamaji. Mara nyingi kilichohama ni mstari wa jedwali.

Neno hilo likaingia kwenye siasa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 viti vilipangwa kwa rangi, na kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Jimbo la Kaskazini, yaani huku kwetu, lilimchagua Sophia Mustafa wa Arusha kwa kiti cha Mwasia. Ukiandika habari zake leo, "kiti cha Mwasia" libaki kama lilivyo, kwa sababu ndilo lililokuwa jina la kiti. Ukiliondoa kwa kuona aibu, msomaji hataelewa kwa nini jimbo moja lilitoa wajumbe watatu. Lakini neno hilo ni la kiti. Sentensi yako mwenyewe kuhusu mwanamke huyo inaweza kusema tu mwanasiasa wa Arusha, na haitapungukiwa kitu.

Kuna maneno mengine yaliyobadilika kwa sababu tofauti kabisa, yaani yaliyochafuka. "Banyani" lilianza vizuri: ni neno la Kigujarati la jamii ya wafanyabiashara, na mzizi wake katika Kisanskriti ni mfanyabiashara tu. Pwani likapanuka likawa jina la kila Mhindu. Halafu likabebeshwa kila hasira ya mteja aliyekopa dukani, mpaka likaingia kwenye methali: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Leo ukimwita mtu hivyo hakuna atakayesikia biashara, watasikia dharau. Methali iache ilivyo, lakini usiliazime neno lake kumtajia jirani. "Ponjoro" lenyewe halina hata utoto mzuri wa kusimulia.

Ukitaka kujua Mhindi limechafuka au la, usiliangalie neno, angalia kiambishi. Kiswahili kinatukana kwa ngeli. Mhindi ni mtu; lihindi na kahindi ni dharau, sawasawa na lizungu na kazungu. Mpeleke mtu kwenye ngeli ya vitu vikubwa au vidogo, na umemtukana hata kama shina la neno ni safi kabisa. Mhariri anayefuta kila "Mhindi" na kuacha "lile lizungu" kwenye nukuu isiyo na ulazima ameshika ufagio upande usiofaa.

Mkanganyiko wa tatu ni Mhindi na Mhindu. Mhindu ni muumini wa dini ya Uhindu. Kuna Wahindi Waislamu, wakiwemo Waismailia na Mabohora. Wagoa wengi ni Wakatoliki. Makalasinga ni wa dini ya Sikh, na neno zuri la kuandikia ni Wasikh, maana Kalasinga linatamkwa na wengi kwa mzaha. (Wanaosema "simba" la Kiswahili limetokana na Singh waache. Singh ni simba kweli, lakini simba wetu ni wa Kibantu, yumo katika lugha za ndani ambako meli haikufika.) Kwa hiyo "Wahindi wa Arusha wameadhimisha Diwali" ni kauli isiyo sahihi. Andika "Wahindu", au taja hekalu.

Na Mwasia nalo limeanza kuvuja. Uingereza linamaanisha kama kwetu, watu wa Bara Hindi. Marekani msikiaji humfikiria kwanza Mchina, Mkorea au Mjapani. Mwaka 2020 na 2021, habari za Marekani kuhusu mashambulizi dhidi ya "Waasia" wakati wa Korona zilitafsiriwa neno kwa neno, na msomaji wa Moshi akabaki anajiuliza Mgujarati ana uhusiano gani na Wuhan. Mtafsiri alitakiwa kuandika "Wamarekani wenye asili ya China na nchi nyingine za Asia Mashariki". Ni ndefu, ndiyo. Sisi wenyewe hatujawahi kuwaita waliojenga reli ya TAZARA Waasia. Ni Wachina, na imeeleweka.

Sasa tulifikie lile dimbwi la kweli. Chukua sentensi ya aina hii, ambayo husikika kila kunapotokea ajali barabara ya Moshi: "Watanzania watatu na Mwasia mmoja wamejeruhiwa." Mwandishi ameona amekuwa muungwana, hakusema Mhindi. Lakini amepanga uraia upande mmoja na asili upande mwingine, kama vile vikombe na kahawa. Ili sentensi iwe kweli, huyo wa nne lazima asiwe Mtanzania. Je, aliuliza? Amir Jamal, aliyekuwa Waziri wetu wa Fedha, alizaliwa Mwanza mwaka 1922. Katika sentensi hiyo angekuwa wa nne.

Kuitengeneza kunahitaji maswali mawili tu kwa polisi au hospitali. La kwanza: wote ni raia? Kama ndiyo, ni "watu wanne wamejeruhiwa", na habari imekwisha. La pili, kama mmoja ni mgeni: pasi yake ni ya nchi gani? Hapo andika "raia wa India" au "raia wa Pakistan", si Mhindi, kwa sababu Mhindi lina maana mbili na msomaji hawezi kujua umekusudia ipi. Asili itajwe pale tu habari isipoeleweka bila hiyo, mfano habari ya historia ya maduka ya mjini au ya jamii fulani, na hapo "Watanzania wenye asili ya Kihindi" inatosha mara moja mwanzoni; baada ya hapo tumia majina ya watu. Mhusika akikwambia yeye hujiita Mgoa, Mpunjabi au Mhindi, andika alivyojiita.

Jambo moja zaidi kwa wanaopenda takwimu. Sensa ya mwisho kuuliza kabila na asili ilikuwa ya 1967. Anayekuandikia leo idadi kamili ya "Waasia wa Arusha" amehesabu vibao vya maduka.

Kwa hiyo, ndugu mshereheshaji, sema Wahindi bila kukohoa. Ila ile "Watanzania na Waasia" kwenye mistari ya ukaribisho, kata hapo kwenye "na".