Kwa nini rekodi za stoo iliyohesabiwa yote Desemba zinakuwa zimeshaharibika Machi?

"Kila Desemba tunafunga duka siku mbili tunahesabu kila kitu. Machi mfumo unasema vitasa vipo, rafuni hakuna. Tunakosea wapi, na hao wanaohesabu kidogo kidogo kila siku wanapangaje?"

Wengi wanaamini hesabu ya mwisho wa mwaka inarekebisha rekodi. Hapana, inarekebisha namba tu. Kilichoharibu namba kinabaki palepale, na Januari mosi kinaendelea na kazi yake. Konda akihesabu pesa kila tripu, ikipungua anajua ni tripu gani na abiria gani alishuka bila kulipa, ila akisubiri mpaka usiku anajua tu kwamba imepungua. Desemba ni ile hesabu ya usiku: unaona upungufu wa miezi kumi na mbili kwa pamoja, risiti ni maelfu, aliyekosea labda alishaacha kazi, basi unaandika namba mpya unafunga.

Kuna na hili la jumla kukubali, yaani ya rafuni kulingana na ya mfumo. Duka la vifaa vya ujenzi linauza rangi nyeupe ya kung'aa na isiyong'aa, makopo yanafanana na bei ni moja. Muuzaji akitoa moja akabonyeza nyingine mara tisa, moja inapungua 9 na nyingine inazidi 9, na kwa shilingi tofauti ni sifuri kabisa. Mwenye duka anafurahi stoo imekubali, kumbe bidhaa mbili ziko vibaya na fundi anaambiwa ipo halafu haipo. Ndo maana usahihi unapimwa kwa idadi ya bidhaa zilizokubali, sio kwa thamani. Mwezi huu umehesabu bidhaa 175, zilizokubali 161, usahihi wako ni asilimia 92.

Sasa ratiba. Tuseme duka lina bidhaa 600. Zipange kwa pesa zinazopita mwaka mzima, yaani idadi iliyouzwa mara gharama ya kununulia, sio kwa bei ya kimoja. Kawaida bidhaa chache juu ya orodha ndo zinabeba sehemu kubwa ya pesa. Chukua 60 za juu uziite daraja A, 120 zinazofuata B, 420 zilizobaki C. A zihesabiwe kila mwezi, B kila miezi mitatu, C mara mbili kwa mwaka: 720 jumlisha 480 jumlisha 840, ni hesabu 2,040. Gawanya kwa siku 300 za kazi unapata kama bidhaa 7 kwa siku, kazi ya asubuhi kabla hujafungua mlango. Ongeza na yoyote ambayo mfumo unaonyesha sifuri au hasi, hizo zinahesabika haraka sana maana rafu karibu iko tupu.

Anayehesabu asione namba ya mfumo, akiiona macho yatamtafutia hiyohiyo. Na kabla hajaanza, mzigo uliopokelewa jana uwe umeingizwa na ule uliolipiwa ila haujachukuliwa uwe umetengwa pembeni, la sivyo utapata tofauti ambayo wala sio kosa.

Tuseme kitasa, kipo daraja A: mfumo unasema 47, rafuni 36. Usibadilishe kitu bado. Mtu mwingine ahesabu tena, aangalie na sehemu nyingine bidhaa inapowekwa. Bado 36? Tofauti ni 11, na katoni ya vitasa hivyo ina 12. Hiyo 11 inanong'oneza kitu: 12 kutoa 1. Rudi kwenye mauzo tangu hesabu iliyopita, ni mwezi mmoja tu kwa hiyo risiti ni chache, utaikuta iliyouzwa katoni ikaandikwa kitasa 1, na bei muuzaji aliandika kwa mkono ya katoni nzima ndo maana pesa ya droo ilikubali jioni ile hakuna aliyeshtuka. Dawa ni kuipa katoni namba yake kwenye mfumo, tofauti na ya kitasa kimoja, afu ndo urekebishe iwe 36. Tofauti isiyo na mpangilio wowote ni ngumu zaidi, inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa kuvunjika bila kuandikwa, na hesabu peke yake haiwezi kukuambia ni ipi.

Usianze na bidhaa zote 600 kwa mpigo. Chagua kama 30 zilizochanganyika madaraja, zihesabu hizohizo kila wiki mpaka tofauti mpya ziache kutokea, hapo ujue sababu kubwa umeziziba, ndo uingie kwenye ratiba kamili.

Na kabla hujaifuta ile hesabu ya Desemba ongea na mkaguzi wako wa mahesabu, atataka kuona kila bidhaa imeguswa angalau mara moja kwa mwaka na karatasi za hesabu zipo, pamoja na sababu ya kila marekebisho na saini ya aliyeyaruhusu, ambaye asiwe yuleyule aliyehesabu.