Vidoadoa vya mtoto mweupe: kipi kibaki, kipi kififishwe, kipi kiondoke

Anayeanza kuhariri picha za watu hujifunza mapema kufuta kila doa analoliona usoni. Kwa chunusi mazoea hayo hayana neno. Yakihamia kwenye uso wa mtoto mweupe mwenye vidoadoa vya kahawia puani na mashavuni, dakika tano zinatosha kumgeuza kuwa mtoto mwingine. Mzazi huligundua hilo mara moja, hata asipoweza kueleza kilichobadilika.

Vidoadoa hivi si uchafu wala ugonjwa. Ni sehemu ndogo za ngozi zenye melanini, rangi ya asili ya ngozi, nyingi kuliko ngozi inayozizunguka, na jua ndilo linalozichochea. Mtoto hazaliwi navyo. Huanza kujitokeza anapofikisha miaka miwili mitatu hivi, zaidi kwa wenye nywele nyekundu au za manjano, kisha hukolea majira ya joto na kupauka majira ya baridi. Hapo ndipo kanuni yetu ya kawaida inapokwama. Kanuni inasema kinachopona baada ya wiki mbili kifutwe, cha kudumu kiachwe. Kidoa cha namna hii hakiingii upande wowote: mtoto atakuwa nacho mwakani, ila pengine kwa nusu ya ukolevu wa leo.

Kwa hiyo mimi hutenganisha mambo mawili. Kuwepo kwa kidoa ni mali ya mtoto, sikugusi. Ukolevu wake unatokana na majira, mwanga na kamera, na huo ninajiruhusu kuugusa pale penye sababu. Kinachofutwa kabisa ni kile ambacho si kidoadoa tangu mwanzo.

Nitaeleza kwa picha moja. Msichana wa miaka saba, nywele nyekundu, amepigwa picha mwishoni mwa majira ya joto, mwanga wa dirisha ukitoka kushoto kwa mtazamaji. Mama yake alitaka chapa ya sentimita 20 kwa 25, akaandika: "Usimfutie vidoa vyake tafadhali. Ila mbona vimekuwa vingi hivi? Nikimtazama hapa nyumbani sivioni hivyo."

Mama wa namna hii kwa kawaida yuko sahihi, na kosa haliko usoni mwa mtoto. Melanini humeza mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo katika chaneli ya Blue, yaani sehemu ya picha inayobeba mwanga wa buluu peke yake, vidoa hutoka vyeusi kabisa, na chochote unachoongeza kwenye picha, iwe kontrasti au ukali, huvikoleza kwanza vyenyewe kabla ya kitu kingine. Faili lilikuwa limetayarishwa kwa Clarity, kitelezi kinachokaza kontrasti ya vijisehemu vidogo, ikiwa 25 kwenye picha nzima. Niliirudisha sifuri usoni, nikalegeza kontrasti, kisha nikapandisha Luminance ya Orange, yaani mwangaza wa rangi za chungwa, hadi 8. Kitelezi hicho huipandisha ngozi nzima pamoja na vidoa, kwa hiyo kina mpaka wake: ukikisukuma mbali, mashavu yanakuwa kama yamepakwa chokaa. Halafu nikaweka pembeni picha ya simu ambayo mama alikuwa ametuma, ya mtoto huyohuyo kwenye kivuli cha kawaida, nikalinganisha. Sehemu kubwa ya lalamiko lake ilikuwa imekwisha kabla brashi haijashikwa.

Baada ya hapo nilipunguza picha kwenye skrini mpaka uso ukawa na ukubwa utakaokuwa nao kwenye karatasi. Ukikaa kwenye asilimia 200, kila kidoa kinakuwa mshtakiwa. Nikafungua tabaka tupu juu ya picha na kuweka nukta za rangi: kijani kwa kinachobaki, njano kwa kinachofifishwa, nyekundu kwa kinachoondoka. Sifuti chochote mpaka uso wote umepigwa nukta, kwa sababu uamuzi unaofanywa huku brashi iko mkononi huelekea kufuta tu.

Nukta nyekundu ndizo rahisi. Kidoadoa ni rangi iliyolala ndani ya ngozi, kwa hiyo hakina kivuli upande mmoja wala kimeta upande wa pili. Chunusi na uvimbe wa kuumwa na mdudu huinuka, na mwanga wa dirisha kutoka pembeni huviumbua. Ukibaki na shaka, fungua chaneli ya Red peke yake. Humo vidoadoa hupauka sana, lakini punje ya chakula, damu iliyokauka kwenye mkwaruzo au doa jeusi la kudumu hubaki vimekoza. Chunusi nayo hupotea kwenye chaneli hiyo, kwa hiyo kwake kipimo ni kile cha kivuli na kimeta. Kwa msichana huyu nilipata vitu vitatu: punje kwenye pembe ya mdomo, kigaga cha mkwaruzo kidevuni na alama ya kuumwa na mdudu karibu na paji. Vyote viliondoka. Chini ya taya palikuwa na doa jeusi dogo lisilopauka kwenye Red. Hilo ni lake la kudumu, likabaki kama lilivyo.

Za kijani zilikuwa nyingi kupita zote, na hapa ndipo wahariri wengi huteleza kwa nia njema. Hawafuti vyote, wanafuta vile vikubwa na vilivyokaa vibaya, wanaacha vidogo vilivyotawanyika vizuri. Matokeo yake ni uso wenye vidoa vinavyofanana kwa ukubwa na umbali, kama kitambaa. Vidoadoa halisi havina mpangilio: viwili vinagusana kwenye mgongo wa pua, kimoja kikubwa kimejitenga shavuni, upande mmoja una vingi kuliko mwenzake. Mzazi humjua mwanawe kwa vile vikubwa, jinsi mtu anavyokitambua Kilimia angani bila kuhesabu nyota zake. Kile kikubwa cha shavuni, ambacho mkono unawasha kukifuta, kilipata nukta ya kijani ya kwanza.

Ugumu wote uko kwenye njano. Swali langu kwa kila kidoa ni hili: je, mtazamaji anayeiona picha kwa mara ya kwanza atakidhania kitu kingine? Kidoa kilichokaa katikati ya shavu husomeka kuwa kidoa. Kikikaa juu ya mstari unaochora uso, kinasomeka vingine. Kimoja kilikuwa kwenye ukingo wa mdomo wa juu, kikaonekana kama chakula kilichosahauliwa. Viwili vilikuwa chini kabisa ya tundu la pua, na kwa mtoto unajua mwenyewe watu watadhani ni nini. Kimoja kiligusa kope ya chini na kuufanya mstari wa jicho uonekane umevunjika. Na kwenye shavu la upande wa kivuli, kundi la vidoa lilikuwa limeungana na kivuli likawa bonge moja la kahawia lililofanana na jeraha la kupigwa. Hilo la mwisho ndilo zito: hakuna anayetaka wageni wamwone mtoto ukutani waanze kujiuliza.

Kwa vile vya mdomo, pua na kope nilitumia Healing Brush ya Photoshop, brashi inayofunika doa kwa sampuli ya ngozi ya jirani, kwenye tabaka tupu, Sample ikiwa Current & Below. Nilikifuta kidoa kabisa, kisha nikashusha Opacity ya tabaka, yaani kiasi linavyoficha kilicho chini yake, hadi kidoa cha chini kikarudi kwa kiasi. Kila mahali kulikuwa na tabaka lake, kwa sababu kiasi hakilingani: mdomoni nilisimama kwenye 65, puani 50, kwenye kope 40. Ukitumia brashi yenye nguvu iliyopunguzwa badala ya kushusha tabaka, mipigo hulaliana na huwezi tena kurudisha kidoa kimoja bila kugusa jirani yake. Kwenye ukingo wa mdomo, chukua sampuli ileile ya ukingo, si ya shavu, la sivyo mstari wa mdomo unalainika na kosa jipya linaonekana kuliko kidoa.

Bonge la upande wa kivuli halikuhitaji kufutwa. Tatizo lake halikuwa vidoa. Lilikuwa ngozi iliyo katikati yake, ambayo kivuli kiliitia giza mpaka mipaka ikapotea. Basi niliangaza ngozi hiyo tu. Tabaka la Curves lililopandishwa kidogo, maski yake nyeusi inayolificha lote, brashi nyeupe ya kulifichua, ndogo kuliko kidoa, Flow ya asilimia 8, nikipita kwenye nafasi za katikati mpaka vidoa vikaachana na kuonekana kimoja kimoja. Idadi ilibaki ileile na jeraha likatoweka. Viwili vilivyobaki vizito mno niliviangaza pia, na hapo hujitokeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: kidoa kikiangazwa hubaki na rangi, kikageuka nukta ya chungwa. Dawa yake ni tabaka la Hue/Saturation lenye maski ya viwili hivyo pekee, Saturation ikishushwa kidogo, kwangu ilikuwa −12.

Wapo wanaotenganisha picha kuwa tabaka la rangi na la ngozi, kisha wakatia ukungu lile la rangi. Kwa uso huu siipendekezi. Kidoa kina ukingo mkali kiasi, kwa hiyo sehemu yake huangukia tabaka hili na sehemu lile; ukitia ukungu moja, rangi inasambaa kuwa madoa mapana ya kijivu huku alama za ukingo zikibaki juu yake. Ukiona mashavu ya mtoto yanafanana na ukuta uliopigwa maji, jua chanzo ni hicho.

Kabla ya kufunga faili huwa natazama shingo, masikio na mikono. Uso uliopunguzwa vidoa juu ya mabega yaliyojaa vidoa hujisaliti wenyewe. Kwa kuwa nilififisha vinne tu usoni na kulitenganisha kundi moja, hapakuwa na haja ya kushuka chini. Kama mama angetaka upunguzaji wa uso mzima, ningepunguza kila ngozi inayoonekana kwa kiasi kilekile, au ningekataa. Na kama kungekuwa na picha ya pamoja na ndugu yake, kipimo kingekuwa kimoja kwa wote wawili.

Mtoto mwenyewe naye huulizwa, angalau anapofikia umri wa kusema. Kupitia mama yake, huyu alijibu kwamba kile kikubwa cha shavuni kisiguswe, amekipa jina.

Mama aliomba pia nakala nyeusi na nyeupe. Hapo maamuzi yote yanaanza upya, kwa sababu ukolevu wa vidoa sasa unategemea jinsi rangi zinavyogeuzwa kuwa kijivu. Kwenye tabaka la Black & White, kupandisha Reds na Yellows hupausha vidoa, na kushusha hivyo viwili huvikoza mpaka uso wa mtoto ukachakaa. Photoshop huanza na Reds 40 na Yellows 60. Nilisogea hadi 50 na 66, nikasimama midomo ilipoanza kufifia, maana nayo ni myekundu na hupauka pamoja na vidoa. Kwa midomo nikaweka maski, ikabaki kwenye thamani za mwanzo.